Gia inakwaruza au inajitoa: usikubali giaboksi ishushwe kabla ya kupima haya

Gari nyingi huingia uani kwetu zikiwa zimeshahukumiwa njiani. Dereva hajazima hata injini, anasema, "Fundi, giaboksi imekufa, nitafutie nyingine ya mtumba." Ukipima unakuta giaboksi haina kosa lolote. Tatizo liko kwenye pedali ya klachi, au kwenye bushi ya plastiki ya bei ndogo, au kwenye mguu wa dereva mwenyewe. Wapo pia wanaokuja wakiomba warekebishiwe klachi huku chuma kilichosagika kimeshajaa kwenye oili ya gia.

Nitazungumzia gari za manyuali ninazozishika kila siku: Hiace za abiria na pikapu aina ya Hilux, zenye klachi ya oili, yaani masta ya juu kwenye pedali na masta ya chini kwenye giaboksi. Kwenye Hiace zenye mkono wa gia kwenye dashibodi, mkono huo unafika kwenye giaboksi kwa kebo. Kwenye Hilux mkono umekaa moja kwa moja juu ya giaboksi. Tofauti hiyo kumbuka, itatusaidia mbele.

Kwanza ujue ile sauti inatoka wapi. Meno makubwa ya gia za kwenda mbele hayaachani kamwe, yamekamatana muda wote, hata gari ikiwa fri. Unapoingiza gia, kinachosogea ni silivu, pete nene ya chuma inayokwenda kuifunga gia kwenye shafti kwa meno madogo ya ubavuni. Meno hayo yakigusana wakati kimoja kinazunguka kwa kasi kuliko kingine, ndipo unasikia krrrr. Ili hilo lisitokee kuna pete ya shaba, mafundi wengine huiita sinkronaiza, ambayo huibana gia na kuisawazisha mwendo kabla meno hayajakutana. Lakini pete hiyo ina nguvu ndogo. Inaweza kusawazisha gia iliyoachwa huru. Haiwezi kushindana na injini. Kwa hiyo gia inakwaruza kwa njia mbili kubwa: ama pete imeisha, ama klachi haijaiachia injini sawasawa.

Maswali matatu kabla ya spana

Ninamuuliza dereva haya, na majibu yake hunipa zaidi ya nusu ya kazi.

Injini ikiwa imezimwa, gia zinaingiaje? Zikiingia laini zote, kisha ukiwasha zinagoma, usiguse giaboksi, nenda kwenye klachi. Zikiwa ngumu hata injini ikiwa imezimwa, klachi haihusiki. Angalia kebo, bushi na mkono wa gia.

Ni gia moja au zote? Klachi mbovu haichagui, husumbua gia zote, ila rivasi na namba moja ndizo hulia zaidi. Ikiwa ni gia moja tu, mara nyingi ya pili au ya tatu, na inakwaruza gari ikiwa kwenye mwendo, hiyo ni pete ya shaba ya gia hiyo.

Kama gia inaruka, inaruka ukiwa unakanyaga mafuta, ukiyaachia, au ukipita kwenye shimo? Jibu la swali hili tutalitumia mwishoni.

Gia zote zinagoma au zinakwaruza injini ikiwaka

Hapa rivasi ndiyo shahidi wako, kwa sababu kwenye gari nyingi rivasi haina pete ya shaba. Simama mahali tambarare pasipo na mtu mbele wala nyuma, injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta. Kanyaga klachi mpaka mwisho, hesabu polepole hadi tano, kisha ingiza rivasi. Klachi nzima itakuwa imeiacha shafti ya giaboksi isimame ndani ya muda huo, na rivasi itaingia kimya. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, shafti bado inazungushwa na injini. Ikikwaruza ukiingiza haraka tu, ila ukisubiri inaingia vizuri, gari haina ugonjwa. Una haraka wewe.

Sasa sababu, kuanzia inayotokea sana.

Anza chini ya pedali, na usicheke. Kapeti nene za dukani zinazowekwa moja juu ya nyingine huizuia pedali kufika mwisho. Zitoe, pima tena.

Kisha fungua kopo la oili ya klachi. Baadhi ya gari hutumia kopo moja kwa breki na klachi. Oili ikiwa chini ya mstari, usijaze tu ukaondoka; imekwenda mahali. Inua kofia ya mpira ya masta ya chini kwa kidole: ikiwa imelowa, masta inavuja. Pitisha mkono pia nyuma ya pedali, pale fimbo inapoingia kwenye masta ya juu, ukaguse kama pana unyevu. Oili hiyo ni ile ya breki, DOT 3 kwa gari nyingi za aina hii, na inakula rangi ya bodi, kwa hiyo ikimwagika osha kwa maji mara moja. Usiweke oili ya injini wala ya pawa stelingi hata kwa dharura. Itavimbisha mipira yote, na utanunua masta mbili badala ya moja.

Kama hakuna kinachovuja, pima pedali. Ibonyeze kwa kidole taratibu mpaka uhisi imeanza kuwa nzito. Mchezo huo wa mwanzo kwa Toyota nyingi za klachi ya oili huwa kati ya milimita 5 na 15. Ukiwa mkubwa zaidi, sehemu ya mwendo wa pedali inapotea bure na klachi haisukumwi yote. Unarekebishwa kwenye fimbo ya masta ya juu, kwa kulegeza nati ya kufunga na kuizungusha fimbo. Usiumalize kabisa. Pedali isiyo na mchezo hata kidogo huiacha klachi ikiwa imebanwa nusu, nayo itaanza kuteleza na kuungua.

Pedali ikiwa laini kama sponji, na ukiipampu mara tatu nne gia zikaingia, kuna upepo kwenye mpira wa oili ya klachi. Kuutoa ni kazi ya watu wawili. Mmoja anapampu, anakanyaga na kushikilia. Mwingine chini analegeza nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye masta ya chini, oili na mapovu yanatoka, anaikaza, ndipo wa juu anaachia pedali. Akiachia kabla nipo haijakazwa, mmevuta upepo upya. Rudieni mpaka itoke oili tupu, na kopo lisiachwe likauke katikati ya kazi.

Kuna ubovu mmoja unaowapita mafundi wengi kwa sababu hauachi tone. Mama mmoja mwenye Hiace ya abiria alimtuma dereva wake kwetu baada ya gereji nyingine kumwambia anunue giaboksi. Alfajiri gia zilikuwa safi kabisa. Ikifika saa tano, kwenye foleni, namba moja inagoma na rivasi inalia. Dereva akasema, "Fundi, ikipata moto tu, inaharibika." Kopo lilikuwa limejaa na mipira yote mikavu. Nikaingia chini, nikamwambia kijana akanyage pedali na asiiachie. Fimbo ya masta ya chini ikausukuma uma wa klachi vizuri, zaidi ya sentimita. Nikaendelea kuitazama. Kama nusu dakika hivi, mguu wa kijana ukiwa bado umekandamiza, fimbo ikaanza kurudi yenyewe, polepole, kama mtu anayeondoka mkutanoni kwa kunyata.

Mpira wa ndani ya masta ya juu ulikuwa umechakaa. Oili haikutoka nje. Ilikuwa inapita kando ya mpira na kurudi kwenye kopo. Alfajiri barabara ni nyeupe, dereva anakanyaga na kuachia mara moja, kwa hiyo hakuna muda wa kuvuja. Kwenye foleni anashikilia pedali dakika nzima akisubiri gari ya mbele isogee, na klachi inajirudia ikiwa chini ya mguu wake. Joto lilisingiziwa. Tulibadilisha masta ya juu, tukatoa upepo, na giaboksi hatukuigusa.

Ugonjwa huo unaweza kuupima bila kuingia chini. Mahali tambarare, mbele pawe wazi, ingiza namba moja, kanyaga klachi mpaka mwisho na ushikilie, mguu wa pili ukiwa tayari juu ya breki. Gari ikianza kujivuta baada ya muda, klachi inarudi yenyewe. Usijaribu kipimo hiki ndani ya gereji penye mtu amesimama mbele.

Ikiwa fimbo ya masta ya chini inakwenda mwendo mzuri na hairudi yenyewe pedali ikiwa imeshikiliwa, lakini rivasi bado inalia, ubovu uko ndani ya kengele ya giaboksi: diski imepinda au imekwama kwenye meno ya shafti, vidole vya presha pleti vimelika, au beringi ndogo ya katikati ya flaiwili imeganda na inaizungusha shafti. Gari iliyoegeshwa muda mrefu msimu wa mvua hupata pia diski iliyoshikana na flaiwili kwa kutu. Hapo giaboksi itashushwa kweli, na hiyo si kazi ya jeki moja na matofali. Giaboksi ya Hiace ni nzito kiasi cha kumvunja mtu kifua. Ipeleke penye stendi na jeki ya giaboksi.

Kama kukwaruza kumeanza siku ile ile uliyowekewa klachi mpya, rudi kwa aliyeiweka kabla hujaendesha sana. Diski huwekwa kinyume, au hupindishwa kwa kuiacha giaboksi ining'inie juu yake wakati bolti hazijaingia. Zote mbili nimeziona.

Gia moja inakwaruza gari ikiwa kwenye mwendo

Klachi imepita vipimo vya juu, rivasi inaingia kimya, lakini kila ukitoka ya tatu kwenda ya pili inalia. Kabla ya kuilaumu pete, jiangalie. Kushusha gia gari ikiwa bado na mwendo mkubwa kunailazimisha pete ndogo ya shaba kuipandisha gia kasi nyingi kwa mpigo mmoja. Wanaoumaliza mapema uso wa pete ya pili ni madereva wanaoruka kutoka ya nne, au wanaokanyaga klachi nusu kwa sababu mguu hautaki kazi. Namba moja nayo inaingizwa gari ikiwa imesimama au karibu kusimama, si ikiwa inateremka kwenda kituoni.

Kuna njia ya kujua bila kufungua kitu. Kanyaga klachi, toa gia mpaka fri, achia klachi, gusa mafuta kidogo, kanyaga klachi tena, ndipo ushushe. Wazee wa malori huiita klachi mbili, na enzi zao hawakuwa na hiari. Kwa kufanya hivyo umeisawazisha gia kwa injini na kuifanyia pete kazi yake. Ikiwa gia iliyokuwa ikilia sasa inaingia kimya, pete imeisha. Gari itaweza kuendelea hivyo kwa muda ukiwa mvumilivu wa mguu, ila kila krrrr inayotokea inachonga ncha za yale meno madogo, na meno yaliyochongeka ndiyo yanayokuja kurusha gia. Kwa hiyo usiahirishe mwaka mzima.

Oili nayo hutoa dalili hii hii. Gari ikikwaruza asubuhi ya baridi, tuseme Njombe au Mbeya mwezi wa saba, na ikinyamaza baada ya kilomita chache, oili inaweza kuwa nzito kupita kiasi au siyo yake. Soma kitabu cha gari. Kiwango cha kawaida kwa nyingi ni 75W-90, lakini angalia pia herufi: panapotajwa GL-4 peke yake, weka GL-4. Baadhi ya oili za GL-5 zina dawa inayoshambulia shaba, nyingine zinateleza mno kiasi kwamba pete haiwezi kubana.

Kupima ujazo, gari iwe sawa mbele na nyuma, na kama umeinyanyua iwe juu ya stendi. Fungua kwanza plagi ya kujazia iliyo ubavuni, kisha ingiza kidole: oili iwe usawa wa ukingo wa chini wa tundu, au pungufu kidogo sana. Usianze kamwe na plagi ya chini. Ukimwaga oili yote halafu ya kujazia ikagoma kufunguka, gari imelala hapo.

Plagi ya chini mara nyingi ina sumaku. Matope laini ya kijivu juu yake ni uchakavu wa kawaida. Vumbi la njano linalong'aa ndani ya oili ni shaba ya pete. Ukikuta vipande vya chuma vinavyoshikika kwa kucha, safari imeishia hapo. Gari isiendeshwe, itafutiwe fundi wa giaboksi.

Mkono wa gia mgumu au unalegalega hata injini ikiwa imezimwa

Kwenye Hiace mwambie mtu atembeze mkono wa gia, wewe ukiwa chini unatazama mwisho wa kebo mbili, moja ya kuchagua mstari na nyingine ya kuingiza gia. Mkono ukisogea juu na kidole cha giaboksi kisisogee papo hapo, kuna bushi iliyokwisha kwenye kichwa cha kebo. Tazama pia ile klipu inayoshika ganda la kebo kwenye bracketi: ikichomoka, kebo inasogea yote badala ya waya wa ndani, na gia zinaingia nusu. Kebo yenyewe ikiwa nzito, ichomoe pande zote mbili na uivute kwa mkono. Ikikwama, imeingia maji na kutu. Kuna wanaoilainisha kwa dizeli, itarudi kukwama. Badilisha.

Kwenye Hilux mkono ukicheza kama kijiko kwenye kikombe cha uji, toa kava ya mpira na ufungue chini yake. Mwisho wa mkono unakaa kwenye kiti cha plastiki, na hicho kikisagika huwezi tena kujua upo mstari wa moja au wa rivasi. Ni kazi ya saa moja. Funika tundu kwa kitambaa safi wakati unafanya kazi, maana nati ikidumbukia humo umejiletea shughuli ya kushusha giaboksi bila sababu.

Gia inaruka na kurudi fri

Anza na lililo rahisi: je, ilikuwa imeingia yote? Bushi, klipu au kebo niliyoitaja juu ikimega mwendo kidogo, silivu inashika kwa ncha tu za meno, na mtikisiko wa kwanza unaitoa. Kwenye Hilux tazama kama mkono wa gia, ukiwa umeingia, unagusa ukingo wa tundu la sakafu, au kama kava iliyoshonwa kwa mpira wa tyubu ni ngumu na inauvuta kurudi. Mauntingi ya giaboksi ikikatika, giaboksi inashuka na mkono unagonga sakafu. Gia inayoruka kwenye mashimo tu, bila kujali umekanyaga mafuta au la, karibu kila mara iko katika kundi hili, au ni springi dogo la ndani linaloisukuma gololi ya kushikilia gia.

Gia moja ile ile inayoruka kila ukiachia mafuta, hasa kwenye mteremko, hiyo ni habari nyingine. Sasa magurudumu ndiyo yanayoisukuma injini, na meno madogo yaliyochongeka kwa mshazari yanasukumana mpaka yanatengana. Hakuna marekebisho ya nje yatakayoiponya. Itafunguliwa.

Pikapu moja iliyokuwa ikibeba mbao kutoka Iringa ililetwa ikiwa na namba tatu inayojitoa. Mara ya kwanza ilimtokea dereva Mlima Kitonga: akaachia mafuta aanze kuteremka kwa gia, ghafla mkono ukaruka, gari ikabaki na breki peke yake na mzigo unaisukuma. Alifanikiwa kuipunguza mwendo na kuingiza ya pili. Tangu hapo akatafuta mpira wa tyubu, akaufunga mkono wa gia kwenye dashibodi, akaendesha hivyo wiki sita. Gia haikuruka tena. Ila ikaanza kulia, uuuu, kila akiwa kwenye ya tatu.

Tulipofungua, meno ya gia ya tatu yalikuwa mviringo kwenye ncha, kama tulivyotarajia. Kilichotushtua ni uma, ule mkono wa ndani unaoisogeza silivu. Uma unatakiwa kuisukuma silivu kisha utulie, kwa sababu silivu inazunguka na uma hauzunguki. Mpira wa tyubu ulikuwa unaukandamiza muda wote, chuma juu ya chuma kinachozunguka. Tuliulinganisha na uma mpya juu ya meza: ncha zake zilikuwa zimebaki kama nusu ya unene. Chuma chote hicho kilikuwa kimeelea kwenye oili na kupita kwenye kila beringi. Kilichokuwa gharama ya gia moja, silivu na pete kikawa hivyo vyote pamoja na uma na seti nzima ya beringi.

Mkono wa dereva unaopumzika juu ya kichwa cha gia kwa kilomita mia unafanya kazi ile ile ya tyubu, taratibu zaidi. Ingiza gia, kisha rudisha mkono kwenye usukani.

Ikiwa gia yako imeanza kuruka na bado hujafika gereji, usiingie mteremko mrefu ukiitegemea gia hiyo. Shuka na ya chini yake isiyoruka, uanze nayo kabla ya mteremko kuanza, mwendo ukiwa bado mdogo. Simama kabisa, uite gari ya kuvuta, ukiona mojawapo ya haya: gia mbili zimeingia kwa pamoja na gari haisogei huku injini inazima, gia inaruka hata kwenye namba moja na rivasi, pedali ya klachi imedondoka sakafuni na hairudi, au giaboksi inanguruma fri na kunyamaza ukikanyaga klachi. Hiyo ya mwisho mara nyingi ni beringi ya shafti ya mbele, na ikivunjika ukiwa barabarani giaboksi inaweza kujifunga.